Tupeane uzoefu: Unapowasilisha mbele ya wakubwa, wapi unaruhusu maswali na wapi unaomba wasubiri?

MtuWaMipango
Wakuu, habari za asubuhi. Wiki ijayo naingia kwenye bodi na wasilisho la nusu saa. Wajumbe wetu hawangoji: mtu akiona jambo anauliza hapo hapo, na ni haki yake. Nimeshuhudia wenzangu wakiingia na slaidi ishirini wakaishia ya nne, muda ukaisha, uamuzi ukasukumwa hadi kikao cha robo inayofuata. Sitafuti dawa ya woga. Nataka kujua mnavyopanga kabla ya kuingia: sehemu gani mnaiacha wazi, na sehemu gani mnaomba muachwe mmalize. Leteni visa vyenu, hata vya ofisi ndogo.

KijanaWaUgavi
Kwangu ni rahisi. Slaidi ya kwanza naandika "Maswali mwishoni". Nawasilishia wakuu wa idara hivyo na namaliza ndani ya muda. Weka hiyo tu mkuu.

MhandisiMita
Kijana, kwa wakuu wa idara inapita kwa sababu mnaonana kila siku. Kwa bodi inavunjika mwenyekiti mwenyewe anapouliza. Ukimjibu, wengine wote wamepata ruhusa. Ukimwambia asubiri, kuanzia hapo anawaza swali lake, hakusikii tena.

Nieleze kisa cha mamlaka ya maji niliyokuwa nafanya kazi. Tuliomba bodi ikubali kubadilisha mita za maji 4,000 zilizochakaa. Kila mita pamoja na kufunga ilikuwa shilingi 95,000, jumla milioni 380. Hoja yetu: mita chakavu zinasoma pungufu, tukakisia uniti 2 kwa mwezi kila moja. Kwa bei ya shilingi 1,600 kwa uniti, hizo ni milioni 12.8 kila mwezi, na fedha inarudi ndani ya miezi kama 30.

Angalia hiyo hesabu imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya zile uniti 2. Mjumbe akisema ni 1, miezi 30 inakuwa 60, na ombi ni jingine kabisa. Kwa hiyo hapo ndipo nilipotaka wanikatize, tena mapema. Nilionyesha tulivyopata makisio: tulifunga mita mpya sambamba na za zamani kwenye nyumba chache, tukasoma zote mbili. Kisha nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla sijaenda kwenye fedha, naomba wajumbe waseme kama makisio haya wanayakubali." Nikanyamaza kweli. Walichukua karibu dakika kumi. Mmoja akataka tutumie uniti 1.5, tukaafikiana hivyo, nikaandika mbele yao.

Sehemu ya hesabu ndiyo niliyoomba waniachie. Ni slaidi tatu zinazoshikana, dakika nne tu, na karibu kila swali la slaidi ya kwanza linajibiwa na ya tatu. Nikasema wazi: "Naomba dakika nne nimalize hesabu hii, kisha nitasimama." Ukitaja dakika, watu wazima wanakupa. Ukisema "naomba nimalize kwanza" bila kusema lini, wanaona unakwepa.

Kwa uniti 1.5 ilitoka miezi 40. Hakuna aliyebishana na namba, kwa sababu walikuwa wameshaitengeneza pamoja nasi.

Mama T
Poleni na majukumu. Hili la kukatizwa linaniuma. Mimi bosi wangu alipokea simu nikiwa katikati ya maelezo, akaongea kwa sauti, akarudi akaniuliza nilichokwisha kusema. Nilirudia chote. Mngefanyaje?

MhandisiMita
Pole sana mama yangu. Hilo si swali la wasilisho, ni la heshima. Ila usirudie chote. Mpe sentensi moja ya ulipofikia, uendelee.

WakiliPwani
Naongeza la mahakamani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilijulikana kwa majaji kumkatiza wakili sentensi ya kwanza tu. Oktoba 2019 ilitoa mwongozo kwamba kwa kawaida majaji hawatamuuliza wakili kiongozi katika dakika mbili za mwanzo, na taa nyeupe kwenye meza ya kuzungumzia inawaka kidogo zikiisha. Baadaye, 2021, wakaongeza kwamba muda wa wakili ukiisha, kila jaji anapata nafasi ya kumuuliza kwa zamu, kwa kufuata ukongwe.

Ninachochukua hapo: muda uliolindwa ni mfupi na uko mwanzoni, na wanaoulinda ni wenye kiti. Katikati hakuna ulinzi kabisa. Nami nikienda mbele ya wakubwa nalinda dakika mbili za kwanza, nazitumia kusema ninachoomba na sababu kuu. Yaliyobaki nayaandaa nikijua yatavurugwa.

MhandisiMita
Wakili, dakika mbili za ombi nakubali. Lakini jaji amesoma majalada. Wajumbe wengine wanafungua kabrasha wakiwa kwenye kiti. Ukiacha katikati yote wazi, hesabu inakatwa vipande na hakuna anayeiona nzima.

KatibuMstaafu
Nimekaa meza ya katibu wa bodi muda mrefu, niwaambie linavyoonekana kutoka huko. Anayesimamia maswali si wewe, ni mwenyekiti. Utaratibu wa "nitasimama hapa na hapa" ukiutangaza mwenyewe ukumbini, ni ombi. Akiutangaza mwenyekiti, ni utaratibu wa kikao. Kwa hiyo siku moja au mbili kabla, pitia kwa katibu na karatasi moja: muda wa kila sehemu na wapi unasimama. Katibu atamfikishia, na mara nyingi atakuambia pia mjumbe gani ameshaanza kuuliza juu ya ukurasa gani. Swali hilo lisikungoje ukumbini, liingize kwenye dakika zako za mwanzo.

Jambo la pili, tazama mikono yao. Mjumbe anayeruka kurasa kwenda jedwali la gharama ameshaacha kukufuata, anatafuta namba. Usimshindanie. Mtajie jumla kwa sentensi moja na ukurasa ilipo, kisha rudi ulipokuwa. Anayenong'ona na jirani huku kidole kiko kwenye ukurasa huo huo ulionao, huyo ana shaka ya kweli, mpe nafasi hata kama hukupanga kusimama.

Na swali ulilolisogeza mbele, liandike waone. Likifika, mtaje kwa cheo chake: "Mheshimiwa aliuliza juu ya mkandarasi." Nimeona wajumbe wakikataa wasilisho zuri kwa sababu swali lao liliahidiwa likasahauliwa.

KijanaWaUgavi
Nimeelewa wazee wangu. Swali: hata mtu akitaka tu kujua maana ya neno, naye asubiri dakika nne?

KatibuMstaafu
Hapana mwanangu. Ufafanuzi unajibiwa papo hapo kwa sentensi moja. Kinachosubiri ni hoja, yaani swali ambalo jibu lake litazaa lingine.

MtuWaMipango
Ahsanteni sana. Nimepanga hivi: dakika mbili ombi bila kukatizwa, tatu tatizo, kumi makisio nikisimama kwa maswali, nne hesabu bila kukatizwa, zilizobaki hatari na ratiba wazi hadi uamuzi. Kabrasha lilikuwa na jedwali la gharama ukurasa wa 3. Nalihamishia nyuma wasilifikie mapema.

MhandisiMita
Mpangilio uko vizuri, ila jedwali liache mbele. Mimi nililiweka nyuma mara moja, wakalitafuta wote kwa pamoja.

WakiliPwani
Mimi ningelihamisha. Na jumla ningeitaja kwenye zile dakika mbili, ili wasiwe na cha kutafuta.

KatibuMstaafu
Kabla hujahamisha muulize katibu kama makabrasha yameshatoka. Yakishatoka na jedwali ukurasa wa 3, wewe ukaja na mpangilio mwingine, nusu ya maswali yatakuwa "uko ukurasa gani".