Chini ya stika yetu kulikuwa na nembo ya kampuni nyingine: yule muuza hampa mnayemjua ametuaibisha mbele ya mteja

Karani wa Manunuzi

Wakuu, ninaandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Sitamtaja mtu kwa jina, kwa sababu kila aliyewahi kununulia ofisi zawadi za mwisho wa mwaka anamjua: ni yule mwenye ofa ya "kuanzia hampa 50, nembo yenu bure", ambaye tangazo lake linakufuata kila unapofungua simu, hata ukiizima nadhani linabaki likiwaka kwenye kioo.

Tuliagiza hampa 120. Sabini zilikuwa za wafanyakazi, katika maboksi ya kawaida, na 50 zilikuwa za wateja wakubwa, katika maboksi meusi yanayong'aa yenye kifuniko cha sumaku. Kila kundi lilikuwa na ujumbe wake, na nembo yetu yenye rangi tatu ilipaswa kukaa juu ya kifuniko. Tulitumiwa picha nzuri ya kompyuta, mkurugenzi akaikubali, tukalipa nusu ya fedha siku hiyo hiyo.

Leo mchana mteja wetu wa miaka mingi amekuja mwenyewe kuchukua yake. Mkurugenzi amemkabidhi kwa mikono miwili, watu wamepiga makofi, na mzee wa watu akawa amelikumbatia boksi huku akizungumza, kidole gumba kikiwa pembeni ya kifuniko. Ukucha wake ukainua kona ya stika. Stika ikabanduka yote kwa mara moja, kama ganda la ndizi lililoiva kupita kiasi, na chini yake, wakuu, kulikuwa na nembo ya kampuni nyingine, imechapwa kwa rangi ya dhahabu, imenyooka, inapendeza kuliko yetu. Ni kampuni ambayo tunagombania nayo mteja huyo huyo. Na mteja akalisoma jina lile kwa sauti.

Nimempigia muuzaji simu. Amenijibu kwa utulivu kabisa kwamba ofa inasema nembo, haisemi namna ya kuiweka. Ninarudia: mteja amelisoma jina la mshindani wetu kwa sauti, mapokezi, mkurugenzi akiwa amesimama pale pale, na mimi naambiwa habari ya namna ya kuiweka!

Kalamu Nyekundu

Pole, ndugu, lakini nani alipokea mzigo? Ukitia sahihi hati ya kupokea hampa 120 bila kufungua hata moja, usimlaumu muuzaji peke yake. Mimi nikipokea maboksi yenye nembo, hugeuza kifuniko kwenye mwanga wa dirisha nikakitazama kwa mlalo. Stika ina ukingo, na ukingo hutupa kivuli chembamba. Kilichochapwa hakina ukingo. Ni kazi ya nusu dakika.

Karani wa Manunuzi

Nilifungua matatu, ndugu yangu, na yote yalikuwa katika lile kundi la 70, ambayo yalikuja juu ya mzigo. Yale meusi yalikuwa yamefungwa utepe, na nani anafungua utepe wa zawadi ya mteja? Kivuli cha ukingo sikukijua. Nilichokijua ni kwamba nimelipia nembo, na mteja akasoma jina la watu wengine kwa sauti.

Wino Mkavu

Nimefanya kazi ya kuchapa vifungashio kwa miaka kadhaa, na naweza kukueleza kilichotokea hata kabla hujamuuliza muuzaji, kwa sababu kila msimu naletewa maombi ya namna hii.

Ile namba 50 katika ofa ni idadi ya hampa ambayo muuzaji yuko tayari kuzipanga na kuzifunga. Idadi ambayo mchapaji wa maboksi anaikubali ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi ni kubwa zaidi. Tena huhesabiwa kwa kila muundo, haihesabiwi kwa oda nzima. Ninyi mliona mmeagiza 120. Mchapaji aliona oda mbili ndogo, moja ya 70 na nyingine ya 50.

Sasa tazama nembo yenu ya rangi tatu. Katika uchapaji wa skrini kila rangi ina skrini yake, yaani fremu ya wavu unaopitisha wino, ambayo lazima itengenezwe, ifungwe kwenye mashine, ilinganishwe na wenzake na isafishwe baadaye. Miundo miwili yenye rangi tatu ni skrini 6. Tuseme kila skrini inagharimu sawa na maboksi manne matupu. Kwa muundo mmoja wa 120 mngekuwa na skrini 3, yaani thamani ya maboksi 12, na kila hampa ingebeba sehemu ya kumi ya boksi. Kwa yale 50 peke yake, maboksi 12 yale yale yanagawanywa kwa 50, na kila hampa inabeba karibu robo ya boksi. Muuzaji aliyetangaza "nembo bure" hana mahali pa kuiweka gharama hiyo, kwa hiyo anakimbilia stika.

Na yale maboksi meusi ni mabaki. Kampuni ile nyingine iliagiza, mchapaji akazidisha kidogo kufidia yanayoharibika, yakabaki, au oda ilipunguzwa mwishoni. Boksi jeusi la sumaku ni ghali, halitupwi. Lakini uso wake umefunikwa kwa filamu laini inayong'aa, na gundi ya stika ya kawaida haiushiki vizuri, hasa kama boksi lilikaa stoo likapata vumbi na aliyebandika hakulifuta. Ndiyo maana ilibanduka nzima bila kuchanika. Yale 70 ya kawaida nadhani hayana tatizo, kwa sababu karatasi isiyo na filamu huishika gundi.

Karani wa Manunuzi

Nimejaribu sasa hivi. Stika ya boksi la kawaida imechanika na kutoa nyuzi za karatasi. Ya boksi jeusi imebanduka kwa kidole kimoja, na jina la mshindani limetokea tena. Nimelitazama mara 4 leo. Nashukuru kwa maelezo, mkuu, lakini kwa nini hakuna hata sentensi moja ya haya katika ofa?

Mnunuzi Mzoefu

Wino Mkavu anawatetea wenzake. Habari ya idadi ya chini ni tamaa tu, kwa sababu siku hizi mashine ya kidijitali inachapa hata nakala moja bila skrini wala sahani ya kuchapia. Dai stika ya plastiki badala ya karatasi, na mambo yamekwisha.

Wino Mkavu

Kuhusu mashine ya kidijitali una haki kwa kadi, lebo na ile karatasi pana inayozungushwa katikati ya boksi kama mkanda. Hivyo vinachapwa hata kimoja. Lakini boksi gumu la sumaku limeshaundwa tayari, ni nene, na mashine nyingi za karatasi hazilipitishi. Stika ya plastiki haitakuokoa kama gundi ni ile ile na uso ni ule ule. Kinachoamua ni gundi, na usafi wa uso wakati wa kubandika.

Ningekuwa mimi, ningewashauri kundi lote la 120 lichapwe boksi la muundo mmoja, kwa rangi moja tu, nembo bila maneno mengine. Skrini moja. Tofauti ya wafanyakazi na wateja iwe kwenye kadi na utepe, ambavyo ni rahisi kubadilisha. Na msikubali picha ya kompyuta kama sampuli. Picha ile inachorwa juu ya boksi ambalo pengine halijanunuliwa bado. Sampuli ni boksi lenyewe, likiwa na nembo yenyewe, mkononi mwako, kabla ya kulipa.

Kalamu Nyekundu

Sampuli ya mkononi inataka muda, na ofisi nyingi hukumbuka zawadi wakati wachapaji wote wameshajaa. Hapo muuzaji anakuambia chagua: stika au uwape wateja boksi lisilo na nembo.

Zamu ya Usiku

Mimi naunga mkono malalamiko kwa asilimia mia. Sisi wafanyakazi tunapewa hampa ndogo kuliko za wateja kila mwaka, na ya mwaka jana ilikuwa na vitu viwili vilivyobakiza wiki 3 kuisha muda. Kampuni inapaswa kuwajali watu wake kwanza.

Karani wa Manunuzi

Ndugu Zamu, mimi sizungumzii ukubwa wa hampa. Ninazungumzia nembo.

Zamu ya Usiku

Nembo hailiwi, dada. Nembo yetu ilikuwa kubwa kweli kweli, ilifunika hadi tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kopo. Tulibandua ndipo tukaiona.

Wino Mkavu

Hilo la stika kufunika tarehe ni kosa zito kuliko watu wanavyodhani. Nembo ibandikwe kwenye boksi, isibandikwe kwenye bidhaa. Na katika oda mnaweza kuandika kwamba kila bidhaa iwe na angalau miezi kadhaa mbele kuanzia siku ya kupokea. Msipoandika, muuzaji atatoa kilicho karibu na mlango wa stoo.

Mama Bajeti

Kwetu walikuja wafanyakazi wapya 6 baada ya oda kufungwa. Nikaomba hampa 6 za kuongeza, muuzaji akaniambia kiwango cha chini ni 50, niagize 50 nyingine! Hampa 50 kwa watu 6, kila mmoja angebeba 8 na mbili zingebaki kulinda ofisi. Hivi idadi ya chini inaanza upya kila unapopiga simu?

Wino Mkavu

Kwa maboksi yaliyochapwa inaanza upya, mama, kwa sababu mashine imeshasafishwa na kuandaliwa kazi ya mtu mwingine. Ndiyo maana mtu mwenye wafanyakazi 100 huagiza maboksi 105 tangu mwanzo. Maboksi matupu hayaozi. Vilivyomo ndani vinaweza kununuliwa baadaye.

Mama Bajeti

Na yale matano yakibaki, si ndiyo muuzaji atamwekea mtu mwingine stika juu yake?

Kalamu Nyekundu

Ukiyachukua wewe, hapana. Ukiyaacha kwake, ndiyo.

Mnunuzi Mzoefu

Bado nasema ni tamaa. Sita ni sita. Angeweza kutumia maboksi yasiyo na nembo na kadi yenye nembo.

Zamu ya Usiku

Na hao 6 walipata nini mwishowe?

Mama Bajeti

Bahasha.

Karani wa Manunuzi

Naomba ushauri wenu kwa jambo moja lililobaki. Hampa 41 nyeusi bado ziko stoo, na wateja wanaanza kufika kesho asubuhi. Mkurugenzi anataka niipigie simu kampuni yenye jina lile, kwa sababu nao hawajui kwamba maboksi yao yanauzwa. Je, nipige?

Mama Bajeti

Bahasha zenyewe zilikuwa na nembo iliyopinda, hilo nalo nitalifungulia uzi wake.