Nina shahada ya kemia, niko udhibiti ubora: nihamie mauzo ya vifaa au usajili wa dawa?

MwanaKemia
Wakuu, salaam. Nina shahada ya kemia. Ualimu sikuutaka, na utafiti nafasi hakuna. Mwezi wa pili sasa niko udhibiti ubora kwenye kiwanda cha vidonge, nashika mashine ya HPLC, ile inayotenganisha vilivyomo kwenye sampuli na kupima kiasi chake. Nimeona kazi hii hainifai. Mbele yangu kuna nafasi mbili: kuuza vifaa vya maabara, au kuandaa mafaili ya usajili wa dawa. Ipi bora? Naomba majibu leo ikiwezekana.

Bi Rejista
Nenda usajili, ila usidhani ni kazi ya kupanga makaratasi. Faili la CTD, yaani la kuombea usajili wa dawa, lina sehemu tano, na mkemia hukesha kwenye ya tatu, ile ya ubora. Maswali ya mamlaka huwa madogo na yanauma. Kwa mfano, kikomo cha uchafu kimeandikwa 0.2%, halafu jedwali la uthabiti la mwezi wa 18 linaonyesha 0.3%, na hakuna aliyeeleza. Aliyewahi kushika mashine huliona hilo kabla faili halijatoka.

Kipimajoto
Miezi miwili, halafu unataka jibu leo? Mkuu, unatafuta kazi au unakimbia kazi?

Seli Moja
Samahani kudandia uzi. Mimi ni wa baiolojia. Hiyo udhibiti ubora inatuchukua, au ni ya wakemia tu?

Mzani
Seli Moja, mnachukuliwa sana upande wa vijidudu. Maji safi ya kiwandani hupimwa kila mara, kikomo ni makoloni 100 kwa mililita, na sahani za kuoteshea vijidudu hukaa siku tano. Ukiulizwa kwenye usaili kwa nini siku tano, jibu ni kwamba vijidudu vya majini vimezoea njaa, hukua polepole.

Mleta mada, Kipimajoto kauliza vizuri. Nini kimetokea?

MwanaKemia
Hakuna kikubwa. Mazingira tu.

Mzani
Mwezi wa pili watu hukimbia kwa sababu ya miguu kuuma au kwa sababu ya namba iliyokataa kuingia kwenye kikomo. Miguu haihitaji jibu leo.

MwanaKemia
Sawa. Kikomo cha kiasi cha dawa kwenye kidonge ni 95.0 hadi 105.0%. Nilipata 93.1. Nikaingiza tena kutoka kichupa kilekile, 93.3. Nikatengeneza sampuli mpya mbili, zikatoa 97.2 na 96.9. Niliandika wastani, 95.7, mkaguzi wangu wa maabara akasaini. Wiki ijayo wanakuja watu wa ukaguzi. Lakini wastani ni hesabu halali, na kemia inatufundisha kurudia kipimo. Na kule kwenye mauzo nimeshawaambia naanza mwisho wa mwezi.

Rudia Tena
Hujakosea kitu. Kurudia kunaruhusiwa kwenye kanuni zote. Pengine ulijaza flaski ikiwa bado na joto baada ya kuyeyusha, ndiyo maana ikashuka.

Mzani
Rudia Tena, nusu. Kurudia kunaruhusiwa, ila baada ya uchunguzi, kwa idadi iliyopangwa kabla, na ikiwezekana kwa mkono wa mtu mwingine. Ukirudia mpaka ipite, unachagua jibu unalolitaka. Mahakama ya Marekani ililigusa jambo hili mwaka 1993, kesi ya kampuni ya dawa ya Barr Laboratories. Na wastani wa 93 na 97 hauonyeshi kiasi kilichomo, unaficha kwamba kuna kitu kimoja kati ya viwili hakiko sawa.

La joto umeligeuza. Ukijaza mpaka alama ikiwa moto, ikipoa kimiminika kinasinyaa, myeyuko unakuwa mzito, na jibu linapanda. Jibu la sampuli lingeshuka kama standadi, myeyuko wa kulinganishia, ndiyo ingejazwa moto, lakini standadi ileile ilitumika kwa zile za 97.

Sasa tazama namba zenyewe. 93.1 na 93.3 kutoka kichupa kimoja: mashine haina kosa, inarudia kilekile. Tatizo liko kabla ya kichupa. Kwanza, unga haukuyeyuka wote. Pili, filta ilinyonya dawa kwenye matone ya mwanzo, ndiyo maana mililita chache za kwanza humwagwa. Tatu, vidonge vyenyewe havilingani. Ungerudi kwenye flaski ya kwanza, ukaitikisa zaidi na kupima, kisha ukachuja upya ukimwaga mililita tano za mwanzo na kupima tena, ungejua ni lipi. Flaski iko wapi?

MwanaKemia
Niliimwaga jioni ileile.

Mzani
Hapo ndipo penye shida yako. Bila flaski ile huwezi kuthibitisha kosa la maabara, na lisipothibitishwa 93.1 inabaki ni jibu la kweli. Uchunguzi unahamia kwenye uzalishaji, na bechi inasubiri.

Shahidi wa Nne
Huu uzi umetungwa. Mafunzo ya miezi miwili na tayari unasaini? Halafu hesabu: majibu ni manne, wastani wake ni 95.1. Hiyo 95.7 imetoka wapi? Hata mtunzi hakumbuki namba zake.

Kipimajoto
😂 Shahidi kaja na kikokotoo.

Bi Rejista
95.7 ni wastani wa matatu: 93.1, 97.2 na 96.9. Ameiacha 93.3.

Shahidi wa Nne
Na 95.1 ilikuwa inapita vilevile! Kwa nini mtu aiache? Ndiyo maana nasema hadithi.

MwanaKemia
95.1 ilikaa karibu mno na kikomo. Niliona ingeulizwa maswali.

Mzani
Sasa namwamini. Na mashine imehifadhi zote nne, kila moja na saa yake na jina lako. Mkaguzi mzoefu huanza na orodha ya vilivyoingizwa, halafu anahesabu vilivyoripotiwa.

Pampu Mbili
Mimi nijibu swali la awali, maana niko mauzo. Kuuza si kuongea. Mteja ana safu, bomba la HPLC linalotenganisha, ya sentimita 25 yenye chembe za mikromita 5, anataka muda ufupi. Unampa ya sentimita 15 yenye chembe za 3. Uwiano wa urefu kwa chembe haujabadilika, kwa hiyo utenganishaji unabaki karibu uleule. Lakini kwa mtiririko uleule shinikizo linapanda kama mara 1.7, na usipomwambia mapema pampu yake inajizima siku ya kwanza, simu inakuja kwako. Kwa hiyo aliyetoka udhibiti ubora anatufaa. Ila wateja wetu ni maabara hizohizo. Habari za karatasi yako zitakufikia huko.

Rudia Tena
Mimi bado nasema aondoke kimya. Mkaguzi wake kasaini, mzigo ni wake pia.

Bi Rejista
Bechi ikishatoka kwenda sokoni mzigo ni wa anayemeza kidonge. Imetoka?

MwanaKemia
Bado. Iko ghalani, inatoka Alhamisi.

Mzani
Basi leo mwambie mkuu wa ubora, mdomo kwanza, kisha kwa maandishi. Usifute wala kuandika juu ya ukurasa wa zamani. Ikate namba ya zamani kwa mstari mmoja tu, iendelee kusomeka, andika sahihi na tarehe ya leo, eleza majibu yote manne kwa mpangilio yalivyotoka. Wanaweza kukuondoa, sikufichi.

MwanaKemia
Nimeanza kuandika. Saa niliyomwaga flaski siikumbuki. Niweke makadirio?

Mzani
Andika huikumbuki. Saa ya kichupa cha mwisho mashine inayo, weka hiyo.