Askari kanzu ndiye mteja, ndiye mfadhili, ndiye shahidi: vijana wa bodaboda Tanga wanatengenezewa makosa

Barabara ya Kumi:
Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Sina ugomvi na mtego wa kumkamata muuzaji. Ugomvi wangu ni na mtego unaomchukua mtu ambaye hajawahi kuuza, unamfundisha kuuza, unampa pesa ya kununulia, kisha unamfunga.

Chukueni mfano huu, nimeupanga kwa makusudi ili tuone kila hatua. Dereva wa bodaboda anabeba abiria kati ya mjini na Horohoro. Abiria mmoja anachukua namba yake. Kesho yake anampigia: "Bro, ukipita huko niletee mirungi kidogo." Dereva anakataa. Siku ya tatu anapigiwa tena, safari hii anatajiwa elfu arobaini. Anakataa. Siku ya sita anaambiwa kuna mgonjwa nyumbani, mzigo huo ndio utakaolipa hospitali, na malipo yamefika laki moja na nusu. Siku ya nane anatumiwa elfu themanini kwenye simu, anaelekezwa amwone nani ng'ambo, na anaambiwa asilete kilo mbili kama walivyoongea, alete ishirini. Siku ya tisa anasimamishwa kabla ya kufika mjini. Abiria yule yupo pale, amevaa kiraia, na kwenye jalada yeye ni shahidi namba moja.

Sasa tazameni nani kafanya nini. Wazo ni la askari. Mtaji ni wa askari. Muuzaji wa ng'ambo kaonyeshwa na askari. Na kiasi kimetajwa na askari! Hilo la kiasi watu wanalipita haraka, kumbe ndilo linaloumiza kuliko yote. Kwenye sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015, pamoja na marekebisho yake, uzito ndio unaoamua unashitakiwa kwa kifungu kipi, kama unakabiliwa na miaka 30 au maisha, na ukizidi kiwango fulani dhamana hakuna. Kwa hiyo anayesema "ongeza kilo" anachagua adhabu kabla hakimu hajaliona jalada. Na huyu ni kijana wa mpakani, mahali ambapo upande mmoja wa kizuizi mirungi ni zao halali linalouzwa mchana kweupe, upande wa pili ni jela.

Polisi wanaruhusiwa kuingia ndani ya uhalifu uliopo. Hawaruhusiwi kuuzaa.

Mstaafu wa Korogwe:
Mdogo wangu, nimekusoma mpaka mwisho. Nakubaliana nawe nusu. Hakuna muuzaji wa heroini anayemuuzia mtu mwenye magwanda. Bila askari kanzu utabaki unakamata wavutaji maskani huku mwenye mzigo analala Raskazone. Na mteja wa kweli naye anabembeleza, anapandisha bei, anadanganya kuwa ana mgonjwa. Askari akiigiza mteja lazima afanane na mteja, la sivyo anajulikana siku ya kwanza na pengine anauawa.

Operesheni safi utaijua kwa karatasi yake. Kabla ya simu ya kwanza kuna taarifa iliyoandikwa: fulani anasemekana anauza, tumeipata kwa njia hii, tarehe hii. Kuna mkubwa aliyeruhusu. Pesa za mtego zimetolewa nakala na namba za noti zimeorodheshwa. Jalada la mfano wako halina la kwanza, ndiyo maana linanuka. Kama kumbukumbu ya mwanzo kabisa kumhusu mtu ni siku ya kumkamata, basi hakushukiwa, alichaguliwa.

Kinachoharibu kazi, na hili waulizeni wapelelezi wowote wa kweli, ni infoma anayelipwa kwa kila anayekamatwa. Akikosa muuzaji atamtengeneza mmoja. Askari wa juu yake anaweza asijue kabisa kwamba kijana alikataa mara mbili, kwa sababu anayeripoti ni yuleyule anayesubiri posho.

Duga Maforoni:
Mbona rahisi? Ukithibitisha aliyeanza kupiga simu ni askari, kesi imekufa. Kushawishiwa ni utetezi kamili. Print za simu tu, unarudi nyumbani.

Barabara ya Kumi:
Duga, ndugu yangu, usimpeleke mtu gerezani kwa maneno hayo. Nani kaanza kupiga ni jambo moja kati ya mengi, na peke yake halitoshi.

Mwaka 2001 Mabwana wa Sheria wa Uingereza, waliokuwa mahakama ya juu kabisa kule, waliamua mashauri mawili kwa pamoja. La kwanza ni la Looseley. Askari alipewa namba yake, akampigia yeye, akaulizia heroini. Looseley akakubali bila kusukumwa. Hukumu ikasimama, japo aliyepiga simu ni polisi, kwa sababu askari alifanya kile ambacho mteja yeyote angefanya, na akakuta duka lipo wazi. Katika la pili, askari walimzoea mtu kwa kumuuzia sigara za magendo kwa bei ya kutupa, wakarudi na kurudi kuomba heroini, naye akawaambia hayo si mambo yake. Mwishowe akawaletea. Jaji wa kwanza alisimamisha kesi ile, na Mabwana wakasema alikuwa sahihi. Kwa hiyo swali ni kama polisi walimpa nafasi ya kawaida, au walimsukuma mpaka akawa mtu ambaye hakuwa.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilishasema mwelekeo huo mwaka 1998, kesi ya Teixeira de Castro dhidi ya Ureno. Askari wawili wa kiraia walipelekwa kwake kupitia watu wengine. Hakuwa na rekodi ya jinai, hakukuwa na uchunguzi wowote juu yake, na heroini haikuwa kwake, ilibidi aende kuitafuta kwa mtu mwingine. Gramu 20 zikampa miaka 6. Mahakama ikasema hakupata kesi ya haki tangu mwanzo. Linganisheni na dereva wetu: mzigo haukuwa kwake, na alielekezwa pa kuuchukua.

Sasa pale unapokosea zaidi, Duga: hizo si hukumu za kwetu. Zinashawishi, hazilazimishi. Hapa sheria iliyoandikwa haina kifungu kinachosema kushawishiwa na polisi kunakuachia huru. Tulichorithi ni kesi ya Kuruma ya 1955, iliyotoka Kenya hadi Baraza la Malkia London, mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni: ushahidi ukiwa na uhusiano na kosa unapokelewa hata kama njia ya kuupata haikuwa safi. Lakini kesi hiyohiyo ilisema jaji ana hiari ya kuukataa kama kuupokea kutamwonea mshitakiwa, na ikataja mfano wa kitu kilichopatikana kwa hila. Mawakili wengi wananukuu nusu ya kwanza na kukaa chini.

Kuna pia kifungu cha 169 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba tulizozizoea kabla ya toleo jipya. Kinampa hakimu hiari ya kukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria. Tatizo ni kwamba kubembeleza kwenye simu si lazima kuwe kumevunja kifungu chochote. Hapo lazima upande hadi ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Hoja ipo. Ushindi hauna uhakika, na anayekuahidi uhakika anataka hela yako.

Bint Amboni:
Samahani kaka zangu, labda sijaelewa vizuri. Mdogo wangu amekamatwa na kifurushi chini ya siti ya pikipiki, anaapa hakijui. Naye aseme alishawishiwa? Kesi inatajwa wiki ijayo.

Barabara ya Kumi:
Pole sana dada. Hapana, asiseme hivyo! La mdogo wako ni kubambikiwa: si changu, sijui kilifikaje. Kushawishiwa ni kusema nilikibeba, lakini ni nyinyi mlionifikisha hapo. Ukiyasema yote mawili, mwendesha mashitaka atasimama na sentensi moja tu: mshitakiwa hajui hata uongo wake ni upi. Nyinyi muulizieni hati ya ukamataji, shahidi huru aliyesaini, na mzigo ulipita mikono ya nani kutoka barabarani hadi kwa Mkemia Mkuu.

Mstaafu wa Korogwe:
Na asisubiri rufaa. Shahidi wa kwanza akimaliza kusema bila kuulizwa juu ya jambo zito, mahakama inahesabu mshitakiwa kalikubali. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo kesi ya Nyerere Nyague, na si mara moja.

Barabara ya Kumi:
Kweli kabisa mzee, na kwa dereva wetu hapo ndipo kesi inapofia. Kijana anakaa kimya wakati askari anasema "nilipata taarifa fiche kwamba ni msambazaji", halafu kwenye utetezi wake anaanza kusimulia simu za siku tisa. Kachelewa. Maswali yanatakiwa yaulizwe palepale: taarifa hiyo iliandikwa lini na iko wapi? Ulimpigia mara ngapi kabla ya tarehe hii? Alikujibu nini mara ya kwanza? Zile elfu themanini zilitoka laini ya nani? Nani alisema ishirini?

Simu yake imeshachukuliwa kama kielelezo, kwa hiyo ndugu waombe mapema taarifa ya miamala ya laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na wakili aiombe mahakama amri ya rekodi za simu kutoka kampuni ya mtandao. Rekodi zinaonyesha nani kampigia nani, saa ngapi, dakika ngapi. Hazionyeshi maneno. Kukataa kwake mara mbili hakumo humo, isipokuwa kama waliandikiana meseji. Ndiyo maana maelezo ya onyo ni muhimu mno. Yanaandikwa ndani ya saa nne tangu kukamatwa, kijana anatetemeka, na anasaini karatasi yenye "nilienda Horohoro kuchukua mirungi" bila neno hata moja juu ya aliyemtuma. Alitaje hilo mwanzoni, na asisaini kama halimo.

Duga Maforoni:
Sawa mkuu, nimekubali nilirahisisha. Lakini kama aliyembembeleza ni infoma, mwite basi, aje aseme.

Mstaafu wa Korogwe:
Hutampata. Chanzo cha taarifa kinalindwa, na kinalindwa kwa sababu nzuri. Watu wameuawa.

Barabara ya Kumi:
Analindwa aliyenong'ona, mzee. Huyu aliyepanga bei na kupokea mzigo si mnong'onaji tena, ni mshiriki. Wamarekani walitofautisha hilo tangu 1957 kwenye kesi ya Roviaro: infoma aliyekuwa mle ndani ya tendo, jina lake likatakiwa litolewe kwa utetezi.

Mstaafu wa Korogwe:
Wamarekani si sisi. Na bado hujanijibu: mara ngapi ni nyingi? Mteja wa kweli akikataliwa leo, kesho anarudi.

Barabara ya Kumi:
Kesi ya Sorrells, 1932, mtu alikataa mara mbili kutafuta pombe, akakubali ya tatu baada ya aliyeomba, ambaye kweli alikuwa askari mwenzake wa vita, kumkumbusha mambo ya vita. Mahakama Kuu ya Marekani ikasema suala la kushawishiwa lilistahili kupelekwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Mimi nahesabu hivi: kukataa kwa kwanza kunatosha kumfanya askari arudi ofisini aandike alichojibiwa. Akiendelea bila kuandika, kila simu inayofuata ni yake.

Mstaafu wa Korogwe:
Hapo utawakosa wauzaji wote waangalifu. Wao ndio wanaokataa ya kwanza.

Bint Amboni:
Kaka, hati ya ukamataji ninayo nakala. Mahali pa shahidi huru kuna sahihi lakini hakuna jina. Hilo ni la kuuliza?

Barabara ya Kumi:
Dada, hilo mpe wakili leo hii, kabla ya kutajwa. Nakala ya asili usimkabidhi mtu.