Naomba ushauri: i kwa kipeo cha i ina majibu mangapi?

Wakuu, naanzia kwenye maana: z^w = e^(w·log z). Kwa kuwa i ina urefu 1 na pembe π/2, log i = i(π/2 + 2πk), k ikiwa namba kamili yoyote. Ukizidisha kwa i, unapata i^i = e^(−π/2 − 2πk). Zote ni namba halisi (ajabu kweli!): k = 0 inatoa 0.2079, k = −1 inatoa takribani 111.3. Kikokotoo huonyesha ile ya kwanza tu.

Ninapokwama: e^(2πi) = 1, hivyo (e^(2πi))^i inatoa 1^i = 1. Nikizidisha vipeo napata e^(−2π), yaani 0.0019. Nashuku log 1 imechukuliwa 0 upande mmoja, 2πi upande mwingine. Je, kanuni ya kuzidisha vipeo inabaki salama lini? Kipeo cha nje kikiwa namba kamili tu?