Je, nimwandikie meneja muhtasari wa mazungumzo aliyotaka yabaki ya mdomo?

BintiMakupa:
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi ni karani wa stoo katika ghala moja huku Shimanzi, Mombasa. Nilimwendea meneja wa tawi ofisini kwake nikamweleza kwamba nyapara wetu anawakata vibarua shilingi 100 kila mmoja katika ujira wa siku, na anayekataa haitwi kesho yake. Meneja alinisikiliza hadi mwisho, akasema atalishughulikia, kisha akaniomba tulimalize kwa mdomo. Tulikuwa wawili tu, na hapa tawini hatuna afisa wa wafanyakazi. Sasa nataka kumtumia barua pepe ya kufupisha tuliyozungumza ili yawe katika maandishi. Rasimu nimekwisha kuiandika. Ninaomba ushauri: niiweke vipi asione kwamba ninamtega?

MzeeWaLikoni:
Binti yangu, mtu mzima akikuomba jambo liishe kwa mdomo, mpe nafasi kwanza. Mimi nilifanya kazi katika yadi ya makontena, nikamweleza mkubwa wangu kwamba mafuta ya fokolifti yanauzwa usiku. Tukaelewana vizuri kabisa. Baadaye akahamishwa, na aliyekuja badala yake akaniuliza kwa nini nilinyamaza muda wote huo. Hata hivyo, ningekuwa wewe, ningemwita nyapara pembeni nikazungumza naye kama ndugu, kwa sababu ana watoto.

FundiMizani:
Mzee, kisa chako mwenyewe kinaonyesha kwa nini dada huyu anapaswa kuandika. Dada, iandike leo, uwanakilie wakurugenzi wote, na umalizie kwa kusema asipojibu katika siku 7 atakuwa amekubali yote. Akinyamaza, kisheria amekubali.

KaraniMstaafu:
Siku 7 hizo hazimo katika sheria yoyote ninayoijua. Asiyejibu hajafungwa na maneno yako, ingawa kunyamaza kwake kunaweza kupewa uzito baadaye, hasa ikiwa ulimwomba waziwazi arekebishe palipokosewa. BintiMakupa, kabla sijasema zaidi: mazungumzo hayo yalifanyika lini, na je, kuna lolote lililotokea tangu siku hiyo?

BintiMakupa:
Ni wiki tatu sasa. Juzi nimeletewa barua ya kujieleza, nikitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kuhusu kuchelewa kazini. Sikuitaja kwa sababu ninaona ni jambo jingine kabisa. Katika rasimu nimeweka juu tarehe ya siku ile, kwa kuwa ndiyo siku tuliyozungumza, na nimeandika kwamba meneja aliahidi kumsimamisha kazi nyapara. Hakutamka neno “kumsimamisha”, lakini alisema “atalishughulikia”, na yeyote angeelewa hivyo.

KaraniMstaafu:
Dada, hapo ndipo penye hatari. Barua pepe hubeba saa yake yenyewe ya kutumwa, kwa hiyo tarehe ya zamani uliyoiandika juu itapingana na ile iliyorekodiwa na mtambo, na mtu akishaiona tofauti hiyo ataacha kuuliza kuhusu shilingi 100 aanze kuuliza kuhusu wewe. Andika tarehe ya leo, useme wazi kwamba unakumbusha mazungumzo ya siku fulani. Muhtasari uliochelewa una nguvu pungufu kuliko ulioandikwa jioni ileile, lakini unasimama ukisema kweli kuhusu umri wake.

Kuhusu ahadi, weka maneno aliyoyatamka, yaani “nitalishughulikia”, halafu umuulize ni hatua gani imechukuliwa. Swali hilo litakufaa kuliko ahadi usiyoweza kuithibitisha, kwa sababu likijibiwa, jibu lake ni maandishi yake mwenyewe. Tenganisha pia uliyoyaona na uliyoambiwa. Ikiwa uliona fedha zikitolewa, sema uliona, siku gani na mahali gani. Ikiwa kibarua alikueleza, sema ulielezwa, wala usitaje jina lake bila idhini yake, kwa kuwa ndiye wa kwanza atakayekosa kuitwa asubuhi.

Barua ya kujieleza ijibu peke yake, ndani ya saa hizo 48, juu ya kuchelewa tu. Ukiyachanganya, itaonekana umezua habari za nyapara ili kujikinga.

BintiMakupa:
Lakini nikiweka tarehe ya leo, si watasema nimeandika baada ya kuona barua yao?

KaraniMstaafu:
Watasema, na ni kweli kwamba umeandika baada yake. Ndiyo maana unahitaji vitu vya siku ile visivyotegemea kumbukumbu yako: ujumbe wa simu wa kuomba nafasi ya kumwona, au daftari ulimoandika. Je, unavyo?

Nahodha_K:
Samahanini, mimi sijaridhika. Mwanzoni tuliambiwa tawi halina afisa wa wafanyakazi; sasa kuna barua rasmi yenye saa za kujibu. Wiki tatu nazo zimejitokeza baada ya kuulizwa. Ninahofia anayeuliza si karani, bali ni upande wa pili unaotaka kujua wafanyakazi hujilinda vipi.

BintiMakupa:
Ndugu Nahodha, nimeumizwa na maneno hayo. Barua imetoka makao makuu Nairobi, imetiwa saini na afisa ambaye hajawahi kufika hapa. Ninao ujumbe wa WhatsApp niliomwandikia meneja asubuhi ya siku ile: “Ninaomba dakika chache, ni kuhusu malipo ya vibarua.” Akajibu: “Njoo saa nane.”

KaraniMstaafu:
Ujumbe huo usiufute, wala usibadilishe simu kabla hujauhifadhi pamoja na tarehe yake. Kuhusu shaka ya Nahodha, jiulize afisa wa Nairobi alijuaje saa zako za kuingia, na nani alimpelekea daftari la mahudhurio. Hilo halithibitishi kisasi, lakini linafaa kuulizwa katika jibu lako la barua, kwa kuomba nakala ya rekodi wanazozitegemea. Wakifikia kutaka kukuachisha kazi kwa utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinawataka wakueleze sababu kwa lugha unayoielewa na wakusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako uliyemchagua.

Nahodha_K:
Ikiwa ujumbe huo upo, ninaondoa tuhuma yangu. Ila mimi bado singewanakilia Nairobi hiyo barua pepe ya muhtasari.

FundiMizani:
Nami ningewanakilia. Meneja akiifuta, nani mwingine ataiona?

KaraniMstaafu:
Hapo mimi ninasitasita. Kumrukia meneja kunaweza kuvunja utaratibu wa malalamiko wa kampuni, kwa hiyo usome kwanza kijitabu cha wafanyakazi. Nakala yako itabaki katika barua zilizotumwa. Ichapishe ukae nayo, lakini usijitumie nyumbani orodha za malipo ya vibarua, kwa kuwa hilo linaweza kugeuzwa kosa jingine.

BintiMakupa:
Nimeiandika upya:

“Bwana Meneja, ninaandika leo kukumbusha mazungumzo yetu ya wiki tatu zilizopita, saa nane mchana, ofisini kwako, tukiwa wawili. Nilikueleza kwamba niliona nyapara akipokea shilingi 100 kutoka kwa vibarua wawili langoni baada ya malipo, na kwamba wengine walinieleza kuwa anawakata daima na asiyetoa haitwi. Ulisema ‘nitalishughulikia’ na ukaomba tulimalize kwa mdomo. Ninaomba kujua hatua iliyochukuliwa. Iwapo nimekosea mahali popote, tafadhali nirekebishe kwa maandishi.”

KaraniMstaafu:
Badala ya “wiki tatu zilizopita” weka tarehe yenyewe, unayo katika ujumbe wa simu. Na hilo neno “daima”, ni wao walilisema au ni lako?

BintiMakupa:
Ni langu. Ninaliondoa.