Mrejesho: boti ya kikoba sasa inakumbusha kwa wakati

Niliuliza: "Wakuu, boti yangu ya Telegram nimeiseti ikumbushe grupu la kikoba saa mbili usiku, mbona meseji inaingia saa tano watu washalala?"

Imekubali jamani, asanteni sana. Aliyesema niangalie tofauti ya masaa ndo alinifungua macho, maana kila siku ilikuwa inachelewa masaa 3 kamili, sio dakika zaidi wala pungufu, na ingekuwa ni mtandao isingechelewa sawasawa hivyo kila siku. Kumbe `run_daily` ya python-telegram-bot, ile inayotuma meseji kila siku, usipoiambia eneo la saa inahesabu kwa UTC, na sisi Bongo tuko mbele masaa 3, kwa hiyo 20:00 yake kwetu ni 23:00. Nimebadilisha mstari mmoja tu:

```
time(20, 0, tzinfo=ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"))
```

`ZoneInfo` inatoka kwenye `zoneinfo`, usisahau kuiimpoti. Nikaizima boti nikaiwasha upya, nikajaribu kwanza kwa kuweka dakika 2 mbele, ikaingia palepale. Jana saa mbili kamili simu ikalia, mama mweka hazina akajibu hapohapo "nimeona, natuma hisa zangu", yaani nimefurahi mno.