Pamfleti ipi ya optiksi: ya "halisi ni plasi" au ya Kartezia?

msomi_wa_jioni: Wakuu habari. Steshenari nimekuta pamfleti mbili za maswali, bei moja. Ya kwanza ni halisi ni plasi na kila swali linaanza na mchoro wa miale, ya pili ni Kartezia ila ina maswali mengi ya mawimbi. Hela inatosha moja tu. Nichukue ipi?

fundi_lenzi: Fom foo au siksi? Na mwalimu wako darasani anatumia alama zipi? Hujasema hata kimoja.

mama_neli: Chukua ya kwanza mwanangu, haichanganyi kichwa. Taswira isiyo halisi siku zote ni minasi, basi.

fundi_lenzi: Mama, hiyo ni kwa halisi ni plasi tu. Kwenye Kartezia, taswira iliyo nyuma ya kioo ni plasi.

kaka_wa_pwani: Msichanganye hizo mbili jamani. Mdogo wangu darasani kafundishwa halisi ni plasi, tuisheni wakampa Kartezia. Ikaja moko, lenzi ya kukusanya mwanga, f sm 10, kitu kiko sm 15. Dogo akachukua fomyula ya tuisheni 1/v - 1/u = 1/f halafu u akaiacha plasi 15 kama ya darasani, akapata 1/10 + 1/15 = 1/6, yaani v = sm 6. Mchoro kauchora mwisho, akailazimisha miale ikutane kwenye 6, na ukuzaji nao ukaharibika, swali zima likaenda.

fundi_lenzi: Ndiyo maana nasema mchoro kwanza. Kitu kikiwa kati ya f na 2f, taswira lazima iwe nje ya 2f, hapo ni zaidi ya sm 20, kwa hiyo 6 unaikataa palepale. Kwa halisi ni plasi, 1/v = 1/10 - 1/15 = 1/30, v ni 30, taswira mara mbili ya kitu. Kartezia nayo ukiweka u = -15 inakupa 30 ileile. Andika juu ya jibu unatumia alama zipi, ndio uingize namba.

PCM_damu: Kartezia ndio mpango, lenzi zikiwa mbili utanikumbuka.

mama_neli: Wasahihishaji wataikubali?

PCM_damu: Ukiwa huchanganyi, kwa nini wakatae?

mama_neli: Mimi siwezi kumbahatishia mtoto wa watu.

neema_siksi: Mimi nasumbuliwa na mipasuo miwili ya Yangi. Mstari mweupe wa kwanza hadi wa kumi nagawa kwa 10?

fundi_lenzi: Kwa 9 dada, hesabu nafasi siyo mistari.

msomi_wa_jioni: Samahani wakuu, ni fom foo, mwalimu anatumia halisi ni plasi. Ila mawimbi ndiyo yananitesa.

fundi_lenzi: Basi nunua ya kwanza. v = fλ haina ugomvi wa alama, kurasa za mawimbi unaweza kutoa kopi kwenye ile nyingine.

PCM_damu: Kopi tena? Aliyeandika naye anakula wapi?

kaka_wa_pwani: Kurasa nne tu mkuu, acha dogo asome.